Nani Anazungumza Wakati Watazamaji Wanapoondoka?

Hotuba iliyotolewa mbele ya waandaaji wa vipindi vya mahojiano. Imewekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu watangazaji, ndugu wahariri, mabibi na mabwana:

Kuna ugomvi unaojirudia katika vyumba vyetu vya uhariri. Mahojiano yamepandishwa YouTube, watu wameyafungua kwa wingi, halafu grafu inaonyesha kwamba wengi wao hawakufika hata nusu. Mhariri anasema mtangazaji amezungumza mno. Mtangazaji anajibu kwamba mgeni ndiye aliyekuwa mzito. Kila mmoja ana hakika ya neno lake, na hakuna hata mmoja aliyepima. Je, inawezekana kupima, kwa kutumia maandishi ya mahojiano yenyewe, nani alizungumza kwa muda gani, na kisha kujua kama mgao huo unahusiana na watazamaji kubaki au kuondoka?

Inawezekana. Lakini haiwezekani kwa njia inayotumiwa na wengi wetu, ya kuchukua video nzima, kutoa asilimia moja ya mtangazaji, na kuiweka kando ya wastani wa utazamaji. Asilimia hiyo moja imewahukumu watangazaji wengi pasipo haki, na imewaokoa wengine waliostahili kuambiwa ukweli.

Ili twende pamoja, nimetunga mahojiano ya mfano, na namba zake nimezichagua mwenyewe ili kila mmoja wenu aweze kuzifuata akiwa ameketi hapo alipo. Mgeni ni mzee, nahodha mstaafu wa jahazi, anayezungumza taratibu na kupumzika kati ya sentensi. Mtangazaji ni binti kijana, hodari, mwenye ulimi mwepesi. Video ina dakika 50. Mzee amezungumza dakika 33, binti amezungumza dakika 15, na dakika 2 zilizobaki ni muziki na kimya. Katika muda wa mazungumzo peke yake, yaani dakika 48, mgao wa mtangazaji ni takriban asilimia 31.

Sasa mhariri anapokea maandishi ya mahojiano hayo, yenye jina la msemaji mbele ya kila aya lakini yasiyo na alama za muda. Anafanya nini? Anahesabu maneno. Mzee husema maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo ana maneno 3,300. Binti husema maneno 150 kwa dakika, kwa hiyo ana maneno 2,250. Mhariri anagawa, anapata kwamba mtangazaji amechukua asilimia 41 ya mazungumzo, na anamwita ofisini. Mtazamaji nyumbani amemsikia binti huyu kwa chini ya theluthi moja ya muda, ilhali karatasi inadai kwamba amekaribia nusu. Tofauti yote hiyo imetokana na mwendo wa ulimi.

Na kwetu sisi tunaochanganya lugha katika mahojiano, hesabu ya maneno hupotoka kwa namna nyingine tena. Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendewa kwa pamoja, na kwa Kiingereza mzigo huo huo huenea katika maneno matatu au manne. Mgeni anayejibu kwa Kiingereza nusu ya muda ataonekana amezungumza kuliko mwenzake anayebaki ndani ya Kiswahili, hata kama saa inaonyesha wamelingana. Kwa hiyo, ndugu zangu, tupime sekunde. Hapo ambapo alama za muda hazipo kabisa, hesabu ya silabi inapotosha kidogo kuliko hesabu ya maneno, kwa sababu inapunguza kosa la kuchanganya lugha, ingawa kosa la mwendo wa ulimi inaliacha palepale.

Watu waliopima muda wa kuzungumza kwa wingi mkubwa wamelijua jambo hili. Taasisi ya INA ya Ufaransa, inayotunza hazina ya redio na televisheni ya nchi hiyo, ilitangaza mwaka 2019 matokeo ya kupima muda wa kuzungumza wa wanawake na wanaume katika saa zipatazo 700,000 za vipindi, na ikaonekana kwamba sauti za wanawake zilichukua takriban theluthi moja tu. Kipimo hicho kilichukuliwa kutoka kwenye sauti yenyewe, sekunde kwa sekunde.

Lakini sekunde nazo tunazipata wapi? Wengi wetu tunazipata kwenye manukuu, yale maandishi yanayopita chini ya video, ambayo kila mstari wake una muda wa kuanza na muda wa kuisha. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo hesabu nyingi huharibika kabla grafu haijafunguliwa.

Kwanza, manukuu yaliyotengenezwa na mashine kwa kawaida hayasemi ni nani anayezungumza. Yanagawanywa kwa urefu wa mstari, hayagawanywi kwa zamu ya msemaji. Na zamu za binadamu hupokezana kwa kasi ya ajabu: utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kati ya swali na jibu hupita kwa wastani kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Kwa muda mfupi namna hiyo, mwisho wa swali la binti na mwanzo wa jibu la mzee hukaa ndani ya mstari mmoja. Ukiugawia mstari huo mtu mmoja, mwenzake amedhulumiwa, na wa kudhulumiwa mara nyingi ni yule mwenye zamu fupi.

Pili, faili za manukuu ya mashine mara nyingi hurudia mstari uliopita juu ya mstari mpya, ili mtazamaji aone maneno yakipanda. Ukijumlisha muda wa mistari yote kama ilivyo, utapata mazungumzo marefu kuliko video. Namna ya kulitambua kosa hili ni rahisi: jumlisha sekunde za wasemaji wote, linganisha na urefu wa video, na jumla ikizidi, simama hapo hapo na uondoe marudio kabla ya kwenda hatua nyingine yoyote.

Tatu, kuna vitikio. Mzee anasimulia jinsi tanga lilivyochanika karibu na Pemba, na binti anaitikia: enhee, naam, lo, kweli kabisa. Katika mazungumzo yetu vitikio ni adabu. Msikilizaji anayenyamaza kabisa mbele ya mzee anaonekana hana habari naye. Je, vihesabiwe kuwa zamu za mtangazaji? Ukihesabu idadi ya zamu, vitikio vitamfanya binti aonekane amemkatiza mzee mara nyingi mno, ilhali alikuwa anamtia moyo aendelee. Shauri langu ni kuviweka katika safu yake peke yake: sauti fupi kuliko sekunde moja, isiyobeba swali, inayotokea wakati mwenzake bado anaendelea, ni kitikio, na haiingii katika mgao wa mtu yeyote.

Wenye programu ya kutenganisha sauti za wasemaji wana nafuu, lakini wasiiamini bila kuijaribu. Chagueni dakika tano kutoka sehemu tatu za video, yaani mwanzo, katikati na karibu na mwisho, mzisikilize kwa masikio yenu na kuandika nani alizungumza lini, kisha mlinganishe. Jumlisheni sekunde ambazo programu imezikosa, sekunde za kelele au muziki ilizodhani ni mazungumzo, na sekunde ilizompa mtu asiye mwenyewe. Jumla hiyo mgawanye kwa sekunde zote za mazungumzo katika sehemu mliyoisikiliza. Kama katika sekunde 280 za mazungumzo kuna sekunde 28 zenye kosa, kosa ni asilimia 10. Namba hiyo inaweza kuonekana ndogo. Lakini ulizeni kosa limekaa wapi. Kwa kawaida hukaa kwenye zamu fupi na mahali ambapo watu wawili wanazungumza kwa pamoja, na zamu fupi za mahojiano ni maswali. Kosa dogo kwa jumla linaweza kuwa limemeza sehemu kubwa ya sauti ya mtangazaji.

Ndugu zangu, tuseme sasa tumepima vizuri. Tunarudi kwenye swali lenyewe: watazamaji waliondoka wakati gani, na nani alikuwa anazungumza?

YouTube humpa mwenye chaneli mkondo wa watazamaji waliobaki. Anayeuchukua kupitia huduma yao ya takwimu huupata ukiwa umegawanywa katika pointi 100, chini ya jina `elapsedVideoTimeRatio`, na kila pointi ina namba iitwayo `audienceWatchRatio`, ambayo ni idadi ya mara kipande hicho kilivyotazamwa ikigawanywa kwa idadi ya mara video ilivyofunguliwa. Fikirini maana yake kwa video yetu ya dakika 50. Sekunde 3,000 zikigawanywa kwa 100, kila pointi ni kipande cha sekunde 30. Swali la sekunde nane linazama ndani ya kipande hicho pamoja na jibu lake. Kwa hiyo yeyote atakayewaambia kwamba swali fulani fupi liliwafukuza watazamaji, kwa kutumia mkondo huu katika video ndefu, anaona kitu ambacho kipimo chake hakiwezi kukionyesha. Kinachoweza kuonekana ni zamu ndefu, ile inayojaza kipande kizima au vipande kadhaa mfululizo.

Basi tugawe na mazungumzo pia katika vipande vilevile vya sekunde 30, na kila kipande tukipe mgao wake wa mtangazaji. Kisha tusitazame kimo cha mkondo. Tutazame kiwango cha kuondoka: kati ya waliokuwapo kipande kinapoanza, ni wangapi hawapo kinapoisha? Kwa nini nasisitiza hivyo? Kwa sababu mkondo karibu siku zote hushuka kadiri video inavyosonga, na hushuka kwa kasi zaidi mwanzoni, hata azungumze nani.

Na mwanzoni huzungumza nani? Mtangazaji! Yeye ndiye anayesalimu, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, yeye ndiye anayemtambulisha mgeni, yeye ndiye anayetaja kipindi na kuomba watu wajiunge na chaneli. Katika mfano wetu, ndani ya dakika 3 za mwanzo binti amezungumza dakika mbili na nusu, na mkondo umetoka 100 hadi 60, yaani kati ya kila 100 waliofungua wamebaki 60. Mtu akichora mgao dhidi ya kushuka kwa video nzima bila kujali mahali, atapata uhusiano mkubwa wa kupendeza: mtangazaji akizungumza, watu wanaondoka. Lakini chukueni mahojiano mengine ya chaneli hiyohiyo, yenye urefu unaokaribiana, ambayo yalianza na sauti ya mgeni papo hapo. Tuseme katika hayo, dakika ya 3 ilikuta 62 wamebaki. Tofauti kati ya 60 na 62 ndiyo pekee inayoweza kuzungumzwa, na ni ndogo. Wale wengine 38 wangeondoka vyovyote vile. Walifungua kwa kuvutiwa na picha ya mbele, wakaona si walichokitafuta, wakaenda zao.

Kanuni ninayoisimamia, basi, ni kulinganisha kipande na kipande kilicho mahali palepale katika video nyingine za chaneli hiyohiyo. YouTube wana kipimo kingine, `relativeRetentionPerformance`, kinachoilinganisha video yako na nyingine za urefu wa namna hiyo kwenye YouTube kwa jumla. Kinafaa kujua umesimama wapi, lakini ndani yake kuna mpira, mapishi, katuni na mahubiri, na mtangazaji wa mahojiano hapaswi kupimwa kwa hayo.

Twende sasa dakika ya 22 ya mfano wetu. Hapo binti ameacha kuuliza na kuanza kusimulia safari yake mwenyewe ya kwenda Unguja, kwa sekunde 70 kati ya sekunde 90 za vipande vitatu mfululizo, na swali amelitia mwishoni. Mwanzo wa simulizi waliobaki ni 40. Baada ya kipande cha kwanza ni 39.2, baada ya cha pili 38, baada ya cha tatu 37.2. Waliopungua ni 2.8 kati ya 40, yaani asilimia 7. Katika sekunde 90 zilizotangulia, mzee akisimulia, mkondo ulitoka 40.6 hadi 40, pungufu ya asilimia moja na nusu. Hapa tuko katikati ya video, mbali na mporomoko wa mwanzo, na tofauti ni kubwa. Tumemkamata? Ngojeni kwanza.

Tazameni vipande viwili vinavyofuata. Mzee ameanza kujibu, na mkondo umepanda hadi 39.4. Umepandaje, na walioondoka wameondoka? Umepanda kwa sababu wengi wao hawakuondoka. Walibonyeza mara mbili upande wa kulia wa simu, video ikaruka sekunde kumi, wakabonyeza tena na tena, hadi waliposikia sauti ya mzee. Anayeruka bado yupo. Mkondo ukishuka na kurudi karibu na pale ulipokuwa, watu wameruka. Ukishuka na kubaki chini, watu wameondoka. Katika mfano huu, kati ya 2.8 waliopungua, 2.2 walirudi na 0.6 hawakurudi, ambao ni sawa na kupungua kwa kawaida kwa sehemu ile. Hilo linamwambia mhariri jambo la kufanya, yaani kufupisha simulizi ile ya sekunde 70. Halimpi ruhusa ya kusema kwamba mtangazaji amefukuza watu. Na kabla ya yote, aangalie kama tangazo la biashara halikuwekwa dakika hiyo hiyo, kwa maana tangazo la katikati huwaondoa watu hata kama anayezungumza ni nahodha mwenyewe.

Sasa nawaleta kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote niliyoyasema, na ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Tuseme mtangazaji huyo huyo, juma linalofuata, amempata mgeni wa namna nyingine, mtu wa maneno machache. Dakika ya 38 mgao wa mtangazaji umepanda hadi asilimia 60, na kiwango cha kuondoka kimepanda pia. Namba zinakubaliana. Mhariri anatikisa kichwa. Lakini someni maandishi ya dakika mbili zilizotangulia:

— Ulijisikiaje siku ile?
— Kawaida.
— Familia ilikupokeaje?
— Vizuri tu.
— Kuna jambo unalolijutia?
— Hapana.

Binti ameachwa na meza tupu, na anafanya kile ambacho mwenyeji yeyote mwenye heshima angefanya: anaanza kuzungumza yeye. Anatoa mfano, anakumbusha jambo, anamtafutia mgeni mlango wa kuingilia. Ukiangalia mpangilio wa wakati, utaona kwamba watu walianza kuondoka kwa wingi vipande vinne kabla mgao wake haujapanda, yaani tangu majibu yalipoanza kuwa ya neno moja. Mazungumzo yake mengi hayakuleta uchovu. Uchovu wa mazungumzo ndio uliomfanya azungumze. Asilimia moja ya video nzima haiwezi kuonyesha lipi lilitangulia. Vipande vinaweza. Na kama ningelazimika kuchagua kipimo kimoja tu cha kuwapeni, nisingechagua mgao wa mtangazaji hata kidogo. Ningechagua urefu wa majibu ya mgeni, kipande kwa kipande, kwa sababu ndio hubadilika kwanza.

Je, hata kutangulia kunathibitisha sababu? Hakuthibitishi. Wageni mashuhuri huja na watazamaji wao, na mbele yao mtangazaji huwa na maneno machache. Hapo mgao mdogo na watazamaji wengi waliobaki vyote vimeletwa na umashuhuri. Na wanaobaki dakika ya 40 si watu walewale kwa tabia na wale wa dakika ya 2. Ni wavumilivu waliochujwa, wanaostahimili mengi. Chaneli yenye mahojiano kumi na mbili haiwezi kuyatenganisha hayo kwa hesabu, hata hesabu iwe ya kitaalamu kiasi gani.

Inaloweza kulifanya ni jaribio. Chukueni jambo moja tu, kwa mfano utambulisho wa mgeni. Tayarisheni namna mbili: wa dakika mbili na nusu kama ule wa binti wetu, na wa sekunde 40 unaofuatwa mara moja na swali la kwanza. Kabla ya kila kurekodi, na kabla ya kumjua mgeni ni nani, rusheni sarafu iamue namna ipi itumike, na muiandike kwenye daftari la kipindi. Msiruhusu mhariri abadilishe uamuzi kwa sababu mgeni ni mkubwa, maana hapo umashuhuri utakuwa umerudi kupitia dirishani. Baada ya miezi kadhaa linganisheni waliobaki dakika ya 5 katika makundi hayo mawili, mkitumia siku 7 za kwanza za kila video, kwa sababu wanaokuja siku za mwanzo wengi ni waliojiunga na chaneli, na wanaokuja baadaye kwa kutafuta huwa na subira tofauti. Nimetaja dakika ya 5 kwa makusudi: ni mbali vya kutosha kwamba namna zote mbili za utambulisho zimekwisha, na mgeni tayari anazungumza katika video zote.

Daftari hilo liwe na safu ya msemaji, safu ya vitikio, safu ya matangazo ya biashara, na safu ya matokeo ya sarafu. Nimeleta nakala chache za kurasa tupu kwa ajili yenu, ziko mezani karibu na mlango, na mwenye swali juu ya namna ya kuzijaza nitakaa naye baada ya kikao hiki. Asanteni kwa kunisikiliza.